Kabla hujaweka dole gumba: ukalimani polisi na mahakamani

Katika Kirundi, "data wacu" ni baba mdogo au baba mkubwa. Mkalimani asiye makini husikia "baba yetu" na kusema hivyo hivyo. Sasa chukua mfano wa kijana wa Kirundi anayehojiwa kituo cha polisi mkoani Kigoma kuhusu ugomvi wa shamba. Anaeleza kwamba data wacu ndiye aliyekuwa na panga. Askari anaandika: "Baba yangu alikuwa na panga." Miezi kadhaa baadaye, kijana anaiambia mahakama kwamba baba yake alifariki zamani. Mwendesha mashtaka anasimama na yale maelezo mkononi, na kuanzia hapo kijana anaonekana mwongo, ilhali hajabadilisha neno.

Tangu mwaka 2021 sheria yetu inataka mashauri yaendeshwe kwa Kiswahili. Ni hatua kubwa kwa Watanzania wengi, lakini bibi anayezungumza Kisukuma pekee, mkimbizi wa Kirundi au kiziwi anayetumia lugha ya alama bado anahitaji mkalimani. Ushahidi ukitolewa kwa lugha ambayo mshtakiwa haielewi, sheria inataka utafsiriwe hapo hapo mahakamani kwa lugha anayoielewa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unasema mshtakiwa hadaiwi malipo ya huduma hiyo.

Kujua Kiswahili cha sokoni hakutoshi. Mtu anaweza kununua mchele na kusalimia vizuri, halafu akashindwa kutofautisha "nilikusudia" na "nilidhani". Ukiulizwa kama unaelewa Kiswahili, jibu kwa ukweli: "Naelewa kidogo, maswali ya kesi nataka kwa lugha yangu." Usione haya. Na mkalimani akifika, ongea naye kidogo kabla ya swali la kwanza ili ujue kama mnaelewana kweli. Kama ni ndugu wa mlalamikaji, au lafudhi yake inakupotea, sema wakati huo.

Polisi ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu mkalimani huenda akawa askari mwingine au jirani aliyeitwa haraka. Hakikisha jina lake na saini yake vimo kwenye karatasi, pamoja na lugha aliyotumia. Kesi ikifika mbele, mtu huyo anaweza kuhitajika aje aeleze alichotafsiri.

Maelezo yakimalizika, una haki ya kusomewa na kurekebisha kabla ya kusaini. Msomaji asome Kiswahili kilichoandikwa, kisha mkalimani akirudishe kwenye lugha yako sentensi kwa sentensi. Mkalimani akikwambia tu, "Ni yale uliyosema," mwombe aanze upya. Sikiliza zaidi majina ya undugu, saa na siku. Kirundi kina neno moja, "ejo", kwa jana na kesho, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ipi. Ukikuta kosa, neno lisifutwe. Likatwe kwa mstari mmoja, sahihi liandikwe juu yake, nawe uweke saini au dole pembeni. Yule kijana angesomewa hivi, "baba yangu" ingekatwa na kuandikwa "baba yangu mdogo" kwa dakika moja.

Kama ulishasaini, mweleze wakili wako mapema. Upande wa mashtaka ukiomba maelezo ya mshtakiwa yapokelewe kuwa kielelezo, pingamizi litolewe hapo hapo, kabla hakimu hajayapokea. Nimeona watu wakisubiri zamu yao ya kujitetea ndipo waseme, na wakati huo karatasi imeshaingia kwenye kumbukumbu.

Mahakamani, mkalimani huapishwa. Ukisikia ametafsiri vibaya, inua mkono na umwambie hakimu, badala ya kubishana na mkalimani kwa lugha yenu, maana hayo hayaandikwi. Shahidi pia ana haki ya kusomewa ushahidi wake ulivyoandikwa, na maoni yake kuhusu usahihi wake yaandikwe. Omba hilo kabla hujashuka kizimbani.

Nasisitiza papo hapo kwa sababu moja. Mahakama ya Rufani imeshika msimamo kwamba kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa za kweli, na haziangushwi kirahisi. Hata hakimu akisahau kukujulisha haki ya kusomewa, rufaa haishindi kwa hilo peke yake. Utatakiwa kuonyesha umedhurika vipi.

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya rufaa ya jinai hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani. Omba nakala hiyo mara moja na uisome na mtu anayejua lugha zote mbili. Hata aliyekiri kosa anaweza kusikilizwa akionyesha kwamba alikiri bila kuelewa shtaka, na hapo jambo la kwanza la kutafuta ni kama mwenendo unaonyesha kulikuwa na mkalimani siku aliyosomewa shtaka.