Ukimpa mtu wa jumla mkoa mzima, mpe barabara anazozipita

Wasindikaji wadogo wengi wanaonijia huja wakiwa na furaha moja: mfanyabiashara mkubwa wa jumla amekubali kuchukua bidhaa yao, ila anataka awe msambazaji pekee. Mwaka jana alinijia mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa Sikonge wanaotengeneza karanga za asali, pakiti ya gramu 50. Mtu wa jumla wa Tabora mjini alikuwa amewapa masharti yake kwa mdomo: mkoa mzima wa Tabora uwe wake kwa miaka 3, apewe mali kauli ya siku 60, naye "atajitahidi" kuchukua katoni 100 kwa mwezi. Walikuwa tayari kusaini.

Nilimwomba kwanza tupige hesabu ya ile mali kauli. Katoni ina pakiti 48. Kikundi kilikuwa kinamuuzia mtu wa jumla pakiti kwa shilingi 350, yeye anauza dukani kwa 400, na duka linauza kwa 500. Kwa hiyo katoni moja inatoka Sikonge kwa shilingi 16,800. Akichukua katoni 100 kila mwezi na kulipa baada ya siku 60, kuna katoni 200 za kikundi ziko nje wakati wowote, yaani shilingi 3,360,000. Mtaji wote wa kikundi ulikuwa milioni 4. Wangenunua karanga na asali za mwezi wa tatu kwa fedha gani? Tukaamua kabla hata ya kwenda mjini: mzigo wa kwanza taslimu, baada ya hapo alipe wa nyuma ndipo achukue wa mbele, na deni lisizidi katoni 30.

Jambo lililobaki lilikuwa ule mkoa mzima. Huwa sikubali wala kukataa eneo kabla sijaona gari la msambazaji linakwenda wapi. Nilimwomba mzee yule wa jumla aturuhusu tupande na vijana wake siku mbili, naye hakuona ubaya. Ana kenta mbili. Moja inazunguka Tabora mjini na vijiji vya Uyui vilivyo karibu. Nyingine inakwenda Urambo na Kaliua Jumatatu na Alhamisi, na Sikonge Jumamosi. Kijana wa gari ana daftari la madeni, na daftari hilo lina thamani kuliko maneno yote ya mezani: nilihesabu maduka 120 yanayochukua mzigo kwake mara kwa mara. Duka la Nzega halikuwamo hata moja. La Igunga pia.

Ukiijua barabara, utaelewa sababu. Nzega ni njia panda ya kwenda Shinyanga, Singida na Tabora. Mwenye duka wa Nzega ana njia fupi ya kufuata mzigo Kahama au Shinyanga, na wa Igunga yuko kwenye barabara ya Singida. Kiserikali wote ni watu wa mkoa wa Tabora, lakini kibiashara wana njia nyingine. Kikundi kingeandika "mkoa wa Tabora" kwenye mkataba, wilaya hizo mbili zingefungwa miaka 3 bila mtu wa kuzihudumia.

Tulipokaa ofisini kwake nilimwambia, "Mzee, Manispaa, Uyui, Urambo, Kaliua na Sikonge ni zako. Nzega na Igunga tuache."

Akasema, "Sasa mama, mkimpa mtu wa Nzega, kesho mzigo wake si utashuka Tabora kwa bei ya chini? Mimi nitakuwa nimewatengenezea soko."

Hoja yake ilikuwa ya kweli, na anayesambaza bidhaa mpya anastahili kulindwa dhidi ya hilo. Yeye ndiye anayechoma mafuta ya gari kumshawishi mwenye duka aweke kitu asichokijua. Tulikubaliana kila katoni igongwe muhuri wa rangi kulingana na mnunuzi: buluu yake, nyekundu ya mwingine yeyote. Katoni nyekundu ikikutwa dukani katika eneo lake, kikundi kinamwandikia aliyeichukua, na ikirudiwa kinasitisha kumuuzia. Mwenye duka aliyejinunulia mwenyewe Nzega haguswi.

Tukaja kwenye kiasi. Neno "nitajitahidi" halipimiki, na katoni 100 kila mwezi ni kipimo kibaya kwa Tabora hata kama angekiandika. Fedha za Urambo, Kaliua na Sikonge hufuata tumbaku. Masoko ya tumbaku yakifunguka mtoto anapewa shilingi 500 bila kuulizwa mara mbili, lakini Januari na Februari nyumba nyingi zinabana matumizi. Tuligawa mwaka kwa robo: Januari hadi Machi katoni 240, Aprili hadi Juni 360, Julai hadi Septemba 450, Oktoba hadi Desemba 300. Jumla ni 1,350, kidogo chini ya katoni moja kwa duka kwa mwezi kwa yale maduka 120. Mzee aliangalia mgawanyo ule akasema huo unaweza kufanyika, kwa sababu ndivyo anavyouza sabuni na biskuti.

Asipofikisha, ana siku 30 za kununua pengo. Akishindwa, mkataba hauvunjiki, ila upekee unaondoka na anabaki mnunuzi wa jumla kama wengine. Napendelea adhabu hii kwa sababu hailazimishi ugomvi. Upande wa pili pia ulifungwa: kikundi kikikosa asali na kushindwa kupeleka mzigo ulioagizwa, katoni hizo zinapunguzwa kwenye kiwango chake.

Katoni zilizonunuliwa bado si katoni zilizouzwa. Miaka ya nyuma nilisimamia mkataba ambao msambazaji alifikisha kiwango robo mbili mfululizo, nasi tukashangilia. Robo ya tatu akaacha kuagiza. Nilipoingia stoo yake nilifuta vumbi kwenye katoni ya chini ukutani nikasoma tarehe: ilikuwa na miezi mitano. Nilifungua pakiti, karanga zikanuka mafuta yaliyochacha. Alikuwa ananunua ili asipoteze upekee huku akisukuma bidhaa ya mtu mwingine aliyempa faida kubwa zaidi. Tangu hapo naandika haki ya kuingia stoo mara moja kwa mwezi na kusoma tarehe za kutengenezwa. Karanga hizi zinadumu miezi 6, kwa hiyo nikikuta katoni ya zaidi ya siku 60 bado stoo, najua gari limeacha kuzipakia. Dalili nyingine ni oda kubwa inayokuja wiki ya mwisho ya robo baada ya wiki kumi za kimya.

Muda ulishuka kutoka miaka 3 hadi mwaka 1, ukitanguliwa na majaribio ya miezi 3 ambayo kikundi hakikuuzia mtu mwingine katika eneo lile. Tuliandika kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, tukalipia ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa hauwezi kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Kifungu kilichochukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa cha mzigo unaobaki mkataba ukiisha. Mzee alitaka kikundi kinunue kila katoni. Kina mama walitaka kisinunue hata moja. Tulimaliza hivi: kikundi kinarudisha fedha kwa katoni ambazo hazijafunguliwa na zina angalau miezi 3 kabla ya kuisha muda, kwa bei aliyonunulia, na gari la kuzirudisha Sikonge ni la mzee.