28 ya Ulaya na 28 ya sokoni: mambo ninayochoka kuyasikia kuhusu kinga, baiskeli zetu

Mwezi huu nimekwisha kuambiwa mara tatu: "Fundi, nimenunua pine ya 28, kinga yangu ni ya 28, lakini inapasuka. Pine za siku hizi hazina maana." Wa tatu alikuwa mwalimu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayekwenda mjini kila asubuhi kwa kinga ya okazyo, iliyotumika tayari, kutoka Uholanzi. Kinga yenyewe ni safi, ukimwangalia unamwonea wivu. Lakini ndani ya siku nne alikuwa ameua mipira miwili ya ndani, na aliyelaumiwa ni mwenye meza ya sokoni aliyemuuzia pine, yaani tairi la nje.

Basi nianze na dhana hiyo, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu wengi kuliko zote.

"28 ni 28, pine yoyote ya 28 itaingia."

Haiingii, au inaingia vibaya, na hiyo ya pili ni mbaya zaidi. Namba 28 ni jina la zamani tu. Lilitokana na ukubwa wa nje wa gurudumu likiwa na pine yake, na kila nchi ililitumia kwa namna yake. Kipimo cha kweli ni kile kidogo kilichopigwa ubavuni mwa pine, namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni upana wa pine. Ya pili ni kipenyo cha mahali pine inapokaa kwenye janti, lile duara linaloshikwa na spoku, kwa milimita.

Chukua kinga ya kawaida ya Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, ile ndefu nyeusi yenye breki za vyuma. Pine yake imeandikwa 28 x 1 1/2, na pembeni 40-635. Sasa inama kwenye kinga ya Mholanzi: nayo ina 28, lakini ukitafuta vizuri mara nyingi utakuta 37-622 au 47-622. Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13. Mtu anasema milimita 13 ni nini? Zungusha hesabu hiyo kwenye duara zima: waya wa ukingo wa pine umezidi janti kwa sentimita 4 hivi.

Ndicho kilichompata mwalimu. Pine ya 635 iliingia kwenye janti ya 622 kwa mikono mitupu, bila chuma cha kutolea pine, akafurahi. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana pine inayovaa kirahisi hivyo ni ya mtu mwingine. Nilipoitia upepo mbele yake, nilimwonyesha mstari mwembamba unaozunguka pine karibu na janti. Upande mmoja ulikuwa umezama kabisa, upande wa pili umepanda hadi juu ya ukingo. Kabla pampu haijafika mbali, mpira wa ndani ukachomoza kama ulimi, pa! Ule wa tatu huo. Kinyume chake, pine ya 622 kwenye janti ya 635 haipandi, na vijana huilazimisha kwa spana mpaka waya unakatika ndani ya mpira. Nje huoni kitu. Unaona tu baada ya siku mbili pine imevimba kama jino bovu.

Kwa 26 ni hivyo hivyo. Ile ya 26 x 1 3/8 ni 590, na ile nene ya kinga za mlimani, 26 x 1.95 au 2.125, ni 559. Ukiona pine moja imeandikwa kwa mkwaju na nyingine kwa nukta, usizichanganye hata muuzaji akuapie kwa mama yake.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza anunue "marke" gani ya kinga, mimi naanzia chini, kwenye pine. Kwenye meza ninakonunua mimi, za 40-635 na za 559 hazikosekani. Za 622 zinakuja na kuisha, na ukizipata mara nyingi ni nyembamba, hazifai barabara zetu za udongo mwekundu. Kabla ya kulipia kinga, soma namba ya pine yake, kisha nenda sokoni na namba hiyo kwenye karatasi. Ukirudi mikono mitupu, hiyo kinga ni nzuri kwa mtu wa Amsterdam.

"Chukua ya alumini, haipati kutu na haivunjiki."

Kutu ya chuma haipati, kweli. Kuvunjika inavunjika, ila kwa tabia nyingine. Kadre ya chuma, yaani mabomba yanayobeba kinga, hukuaga kwanza: rangi inapasuka karibu na maungio ya pedali, mstari wa kahawia unatokea, ukikanyaga inalia. Hapo unampelekea fundi wa gesi anaiziba kwa shaba ya njano, na siku hiyo hiyo unapanda. (Usimpe wa umeme asiyezoea mabomba membamba, atakutobolea.) Alumini huchomelewa kwa mashine yenye gesi yake, si kwa ile ya fimbo iliyo kona ya kila avenyu, na hata ikichomelewa vizuri, pembeni ya kiungo ugumu wake wa kiwandani umeondolewa na moto. Kwa mtu mmoja na begi lake alumini inatosha. Ukibeba mtoto nyuma na gunia siku ya Jumamosi, chukua chuma. Muuzaji akikuficha, toa sumaku ya redio mbovu uibandike.

"Yenye vitesi vingi ndiyo imara."

Lubumbashi ni tambarare, vitesi 18, yaani gia, unavipeleka wapi? Tena kwenye habu nyingi za bei rahisi zenye meno mengi nyuma, gololi za upande wa mnyororo zimekaa ndani sana, na ekseli inabaki inaning'inia bila kushikwa. Ukiweka mzigo, inapinda. Utajua hivi: toa gurudumu la nyuma, zungusha ekseli kwa vidole huku ukitazama ncha yake. Ikicheza duara, imekwisha.

"Ni nzito, basi ni ngumu."

Uzito ni wa mabomba. Kinachokufa kwanza ni spoku, ekseli na koni za gololi. Fungua habu moja uone koni: ikiwa na vishimo kama uso wa tetekuwanga, bei ishuke au uondoke.

Kuhusu mwalimu: kuiuza kinga hakutaka, na breki yake ya nyuma ni ile ya kukanyaga kinyumenyume, ikaturahisishia kazi, maana haijali janti ina ukubwa gani. Nilitafuta janti ya 635 yenye matundu 36 kama ya habu yake, nikanunua spoku ndefu kidogo, karibu milimita 6 zaidi, nikapima kama pine itapita chini ya matigadi. Ilipita kwa upana wa kidole. Mbele nimemwachia 622 yake, kwa kuwa breki ya pale inabana janti, na ingebidi kuishusha na kuipandisha bila mwisho. Sasa anatembea na magurudumu mawili ya vipimo viwili. Pine ya mbele imebaki na michirizi kidogo tu, na shemeji yake anayepita Kasumbalesa kila wiki ana karatasi mfukoni: 37-622.