Mzio wa karanga unapotajwa katikati ya oda

Mgahawa mdogo wa hapa Moshi ninaousaidia hupokea oda za mchana kwa WhatsApp, na roboti niliyoutengenezea hukutana na wateja wanaoagiza, wanaoghairi na wanaotaja mzio dakika ya mwisho. Kwa sababu hiyo, modeli ya lugha inayosoma ujumbe ndani ya roboti hiyo sikuipa kazi ya kutunza oda. Kazi yake ni kugeuza kila ujumbe kuwa kitendo, yaani ongeza, ondoa, badilisha au mzio. Oda yenyewe na bei zake hutunzwa na programu ya kawaida, kwani modeli inayosoma mazungumzo yote upya kila mara huweza kurudisha sahani iliyokwisha kufutwa.

Tuseme mteja anaandika: “Naomba wali nyama mbili na mchicha mmoja.” Kisha: “Samahani, moja iwe wali samaki.” Programu huugawa kwanza mstari wa sahani mbili kuwa mistari miwili, ndipo hubadilisha mmoja, bila hatua hiyo, sahani zote mbili hugeuka samaki. Unafuata ujumbe wa tatu: “Halafu mtoto hali karanga, anavimba midomo.” Neno mzio halimo, lakini maana imo, na hata angeishia kwenye “hali karanga” roboti ingeuhesabu kuwa mzio mpaka aseme vinginevyo. Baada ya ujumbe huo wa tatu, oda inakaa hivi:

```
1 wali_nyama   1
2 wali_samaki  1
3 mchicha      1  SUBIRI
MZIO: karanga (oda nzima)
```

Mzio ukibandikwa kwenye sahani moja, hupotea sahani hiyo inapobadilishwa. Ndiyo maana unakaa kwenye oda nzima, na mara tu unapoingia, programu hurudi kukagua hata mistari iliyotangulia. Mchicha wa mgahawa huu huungwa kwa karanga, kwa hiyo unazuiwa na mteja anaombwa achague mboga nyingine. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu mboga inayofanana zaidi na mchicha kwenye menyu ni kisamvu, nacho kina karanga vilevile. Orodha ya mbadala lazima ichujwe kwa viambato kwanza, kufanana kuje baadaye. Katika mfano huu inabaki kabichi.

Hata kabichi hiyo roboti haiiti salama, maana orodha ya viambato haioni mwiko uliotoka kwenye sufuria ya kisamvu. Mzio huandikwa juu kabisa ya karatasi ya jikoni, na oda haithibitishwi mpaka mpishi ajibu. Akisema hawezi kutenganisha vyombo, mteja huambiwa hivyo waziwazi. Kusubiri huku kunachelewesha oda saa saba mchana, wakati jiko limezidiwa, nami naona ni gharama ya haki.

Mapishi yakishaanza, kitendo cha badilisha hakigusi tena oda moja kwa moja: kinakwenda jikoni kama ombi, na sahani mpya hukaguliwa upya dhidi ya mzio uleule, hata kama mteja hakuutaja mara ya pili.