Uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto

Ukiambiwa umwogeshe mtoto mchanga kwa maji ya uvuguvugu, maana yake ni maji yanayokaribiana na joto la mwili wake: nyuzi 37 hadi 38 za Selsiasi. Hayo si maji "ya moto kidogo". Nyumba nyingi mzazi anakandwa, na sufuria la maji yake liko pale pale jikoni. Maji anayoyavumilia mama kwenye kukandwa yanamuunguza mtoto.

Anza na maji ya baridi kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, ili lisiwepo hata dakika moja beseni lenye maji ya moto matupu. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 25, lita tano zake ukizichanganya na lita moja iliyotoka kuchemka, unapata kama 37. Lakini usikariri kipimo hicho. Kwenye baridi, maji ya bomba yakiwa nyuzi 15, mchanganyiko huo huo unakupa 29 tu, na mtoto atatetemeka. Ndiyo maana lazima upime kila siku.

Koroga kwanza, tena mpaka chini. Maji ya moto hupenda kukaa juu, kwa hiyo ukipima bila kukoroga unakuwa umepima sehemu moja tu ya beseni.

Kama huna kipimajoto, tumia kiwiko. Kiganja kinachoshika sufuria na kufua kila siku kimeshakomaa, na kikitoka kwenye maji baridi kinadanganya zaidi. Zamisha kiwiko, uhesabu taratibu mpaka kumi. Yakiwa sawa, utasikia joto la mbali tu, au hutasikia chochote. Ukihisi hata kidogo kutaka kuutoa mkono, ongeza maji ya baridi, koroga, pima upya. Ndani ya kifundo cha mkono panafaa pia, ila tone moja la kudondoshea halitoshi, maana linapoa kabla hujalisikia.

Mwenye kipimajoto cha maji akiweke katikati ya beseni baada ya kukoroga, asubiri namba itulie. Kile cha kupimia homa mimi sikipendi kwa kazi hii: vingi vinaishia kwenye nyuzi 42 au karibu na hapo, na vile vya kioo vyenye zebaki vikipasuka ndani ya maji ni balaa jingine. Hata ukiona 37 kwenye kioo cha kipimajoto, tia kiwiko, kwani betri ikichoka namba huweza kuwa ya uongo.

Maji yakipoa katikati ya kuoga, usimimine ya moto mtoto akiwa ndani. Mtoe, mfunge taulo, ndipo uongeze, ukoroge na kupima tena. Ngozi ikigeuka nyekundu ghafla au akilia kwa kushtuka alipogusa maji, mtoe papo hapo. Akiwa ameungua, mvue nguo zisizonata, mwagia sehemu hiyo tu maji ya bomba yenye ubaridi wa kawaida kwa dakika 20, sehemu nyingine ya mwili ikiwa imefunikwa, kisha mpeleke kituo cha afya. Barafu na dawa ya meno usipake.