Fonti, pambizo, usawazishaji na maktaba: kifaa cha kusomea chenye menyu ya Kijerumani

Kazi yangu ni kutayarisha vitabu vya kielektroniki. Napokea maandishi, nayageuza kuwa faili la EPUB, kisha nalifungua kwenye vifaa vya aina mbalimbali kuona kama linasomeka. Ndiyo maana wanafunzi walio ughaibuni huniletea maswali ya vifaa vyao. La karibuni limetoka kwa mwanafunzi wa uchumi aliyeko Ujerumani. Amenunua kifaa kilichokwisha kutumika, skrini ya inchi 6, menyu yote ya Kijerumani. Malalamiko yake ni mawili: maneno yametawanyika kwenye ukurasa kiasi cha kumchosha macho, na kila akifungua kitabu kwenye simu kinamrusha hadi kurasa za mwisho.

Angeweza kwenda „Einstellungen“, yaani mipangilio, akatafuta „Sprache“ na kuchagua lugha anayoizoea. Sina ubaya na hilo. Ila duka, barua pepe za akaunti na programu ya kuazimia vitabu mara nyingi hufuata nchi ya akaunti, si lugha ya kifaa. Maneno yaleyale atakutana nayo huko, kwa hiyo ni afadhali ayajue.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha mambo mawili. Fonti na pambizo ni sura tu. Ukizivuruga, kitabu hakipungui hata herufi moja, na unaweza kuzirudisha muda wowote. Usawazishaji na maktaba vinagusa akaunti yako na kile kilichohifadhiwa kwenye seva, na huko kitufe kimoja kinaweza kufuta kitu. Kwenye sura chezea upendavyo. Kwenye akaunti soma kwanza.

Tuanze na sura. Ukiwa ndani ya kitabu, gusa sehemu ya juu au katikati ya skrini mpaka menyu itokee, halafu tafuta alama ya „Aa“. Hapo utakuta „Schriftart“ (aina ya fonti), „Schriftgröße“ (ukubwa wa herufi), „Zeilenabstand“ (nafasi kati ya mistari), „Seitenränder“ au „Rand“ (pambizo) na „Ausrichtung“ (mpangilio wa mistari). Majina hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, lakini mizizi ni hiyohiyo.

Wengi hubadilisha fonti wakidhani ndiyo dawa, kumbe tatizo liko kwenye urefu wa mstari. Skrini ya inchi 6 ina upana wa milimita 91 hivi. Mwanafunzi huyu alikuwa ameacha pambizo pana, kama milimita 10 kila upande, kwa hiyo maandishi yalibaki na milimita 71. Kwa ukubwa wa herufi aliouchagua, kila herufi ilichukua wastani wa milimita 2. Gawanya, utapata herufi 35 kwa mstari. Wapangaji wa vitabu hupenda mstari wa herufi 45 hadi 75. Chini ya hapo jicho linarukaruka mno.

Sasa ongeza lugha yenyewe. Neno kama „Wirtschaftswissenschaft“ lina herufi 23. Likikosa nafasi mwishoni mwa mstari linashuka lote, na mstari wa juu unabaki na maneno mawili matatu. Kiswahili nacho kina vitenzi virefu, „hawakutuelewesha“ ni herufi 16. Ikiwa kifaa kimewekwa „Blocksatz“, yaani mistari inyooke kulia na kushoto, kitayavuta hayo maneno machache mpaka yafike ukingoni. Ile mianya mikubwa katikati ya maneno inatoka hapo. Fonti haina kosa.

Nilimwambia afanye mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza apunguze pambizo hadi hatua ya chini kabisa. Kwenye kifaa chake hiyo ni kama milimita 4, na mstari ukapanda hadi herufi 41. Pili ashushe ukubwa wa herufi hatua moja, ikawa milimita 1.75 kwa herufi, na mstari ukafika herufi 47. Tatu abadilishe „Blocksatz“ iwe „linksbündig“, yaani mistari ianzie sawa kushoto na kuishia popote kulia. Kama macho yake yasingekubali herufi ndogo, angeiacha hatua ya pili na kutegemea ya tatu, maana ndiyo inayoondoa mianya.

Kuna njia nyingine, „Silbentrennung“, ambayo hukata neno refu kwa kistari mwishoni mwa mstari. Ni nzuri, lakini inategemea jambo ambalo msomaji halioni. Ndani ya kila faili la EPUB pana mstari unaotaja lugha ya kitabu:

```
<dc:language>de</dc:language>
```

Kifaa kikisoma `de`, kinaweza kukata maneno kwa kanuni za Kijerumani na kufungua kamusi ya Kijerumani ukibonyeza neno. Kitabu cha Kiswahili kinatakiwa kiandikwe `sw`. Mchapishaji asiyejali huacha `en`, na hapo utaona maneno ya Kiswahili yamekatwa mahali pa ajabu, au kamusi ya Kiingereza inajitokeza na kukosa neno. Ukiona hivyo usihangaike na mipangilio. Zima „Silbentrennung“ kama kifaa chako kina swichi hiyo. Lawama ni yetu tunaotengeneza vitabu, na mimi hukagua mstari huo kabla ya kitu kingine chochote.

Mara nyingine utabadilisha fonti au pambizo na ukurasa usitikisike. Sababu huwa mbili. Ya kwanza, faili ni PDF. PDF ni kurasa zilizoganda, kifaa kinaweza kuzikuza au kukata kingo nyeupe, hakiwezi kuyapanga maneno upya, na menyu ya „Aa“ huwa imefifia au haipo. Ya pili, mchapishaji ameweka fonti na pambizo zake ndani ya EPUB. Pambizo za mchapishaji zikijumlishwa na za kifaa, ukurasa unabaki mwembamba hata ukichagua hatua ya chini. Tafuta chaguo lenye neno „Verlag“, yaani mchapishaji, kisha uchague fonti nyingine badala ya hilo. Kwa pambizo zilizowekwa na mchapishaji, mara nyingi msomaji hana la kufanya.

Jambo moja la masomo: ukibadilisha ukubwa wa herufi, idadi ya skrini inabadilika. Mhadhiri akisema fungua ukurasa wa 112, angalia kama kitabu chako kinaonyesha namba za „Seite“ zinazofuata toleo la karatasi. Zinakuwepo tu kama mchapishaji alizipachika. Kipimo cha kwanza ni rahisi: kuza herufi hatua mbili. Namba ikibaki ileile kwa sentensi ileile, huenda ni ya karatasi, ilinganishe na toleo la karatasi kabla ya kuitumia kwenye tanbihi zako. Ikibadilika, usiinukuu kabisa. Taja sura na kichwa kidogo. Vivyo hivyo asilimia na namba ya „Position“, yaani mahali ulipo ndani ya kitabu: zinakusaidia wewe kurudi ulipoishia, lakini msahihishaji mwenye kitabu cha karatasi hazimfikishi popote.

Tukija kwenye lalamiko la pili, la kurushwa mwisho wa kitabu. „Synchronisieren“ ni kifaa na simu kupelekeana taarifa kupitia seva: umefika wapi, umepigia mstari nini, umeandika maelezo gani. Sura haihamishwi kwa kawaida, kwa hiyo usishangae simu ikiwa na fonti yake. Sasa, huduma kadhaa hazikumbuki ukurasa wa mwisho uliofungua. Zinakumbuka ukurasa wa mbele zaidi uliowahi kufika.

Kitabu cha huyu mwanafunzi kina marejeo mengi nyuma. Alikuwa anasoma kwenye Position 1840, akaruka hadi orodha ya marejeo kwenye 6200 kutazama jina la makala, kisha akafunga kifaa akiwa hukohuko. Seva ikaandika 6200. Alipofungua simu, ujumbe wa Kijerumani ukamuuliza kama anataka kwenda 6200, naye akabonyeza „Ja“ bila kusoma. Tangu hapo kila anachosoma kiko nyuma ya 6200, kwa hiyo hakihesabiki, na swali linarudi kila siku.

Hata usipoelewa sentensi nzima ya ujumbe huo, tazama namba iliyomo. Ikiwa mbali sana na pale unapokumbuka, bonyeza „Nein“, yaani hapana, au „Abbrechen“, yaani ghairi. Halafu ingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta uone kama huduma inaruhusu kufuta alama ya mbele zaidi. Ikiruhusu, ifute, kisha fungua kitabu kwenye kifaa mahali sahihi na usawazishe. Isiporuhusu, zima usawazishaji wa mahali ulipofikia kwa muda na utumie „Lesezeichen“, alamisho ya kawaida, mpaka umalize kitabu. Kuanzia sasa, ukitoka kutazama marejeo gusa „Zurück“ urudi ulipokuwa kabla ya kufunga.

Na kama simu na kifaa havipatani kabisa, kagua vitu vitatu. Je, „Flugmodus“, yaani hali ya ndegeni, imewashwa? Hiyo hukata waifai, na wengi huiwasha kutunza betri wakasahau. Je, akaunti ni moja pande zote mbili? Kifaa kilichokwisha kutumika huja mara nyingine na akaunti ya mmiliki wa zamani. Na je, faili ni lilelile? Kitabu ulichonunua dukani na nakala uliyoiingiza kwa waya ni vitabu viwili machoni pa seva, hata kama maneno yanafanana yote. Nakala ya waya kwa kawaida haisawazishwi.

Imebaki „Bibliothek“, yaani maktaba. Ukiikuta tupu usiogope, tazama kichujio kwanza. „Heruntergeladen“ huonyesha tu vilivyopakuliwa kwenye kifaa, „Alle“ huonyesha na vilivyo kwenye akaunti.

Kwenye kufuta ndipo pa kuwa makini. „Vom Gerät entfernen“ hukiondoa kitabu kwenye kifaa tu, na unaweza kukipakua tena. „Löschen“ peke yake inaweza kuwa na maana hiyohiyo, au ikafuta kwenye akaunti, ukiona „endgültig“ karibu yake, ni kufuta kabisa, bila kurudi. Kwa nakala ya waya tofauti haipo: ikiondoka kwenye kifaa imeondoka, labda uwe nayo kwenye kompyuta.

Kitabu cha kuazima kina muda wake wa kuazimwa, „Leihfrist“. Ukipita, kitabu hakifunguki tena, na maelezo uliyoyaandika ndani yake unaweza usiyaone. Siku moja kabla ya muda kwisha, hamishia maelezo hayo kwenye faili lako la kazi, pamoja na sura na kichwa cha kila nukuu.