Malipo ya Awali na Fedha za Zuio: Upungufu wa Mkandarasi Hujitokeza Lini?

Wakandarasi wengi hupokea malipo ya awali wakiamini kwamba tatizo la mtaji limekwisha, ilhali fedha hizo ni mkopo usio na riba ambao mwenye mradi huanza kuukata kwenye hati za malipo mara kazi inaposonga. Kwenye hati hizohizo hukatwa pia fedha za zuio, ambazo mwenye mradi huzishikilia kama kinga dhidi ya kasoro.

Tuchukue mfano wa mkataba wa shilingi milioni 1,000 kwa miezi 10, wenye kazi ya milioni 100 na gharama ya milioni 90 kila mwezi. Malipo ya awali ni asilimia 15, yaani milioni 150, dhidi ya dhamana ya benki. Kama ilivyo katika masharti ya mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, makato huanza pale kazi iliyoidhinishwa inapozidi asilimia 10 ya mkataba, kwa robo ya kila hati. Zuio ni asilimia 10 ya kila hati hadi lifikie milioni 50, na kila hati hulipwa miezi miwili baada ya kazi.

Hati ya kwanza hulipwa milioni 90. Kuanzia ya pili hadi ya tano, mkandarasi aliyefanya kazi ya milioni 100 hupokea milioni 65 tu, kiasi kisichotosha hata gharama za mwezi mmoja. Ya sita na ya saba humpa milioni 75, na ni kuanzia ya nane ndipo anapopata milioni 100 kamili.

Bila malipo ya awali, mkandarasi huyu angekuwa na upungufu wa milioni 180 tangu mwezi wa pili. Akiyapata, mwezi huo hupungukiwa milioni 30 tu, lakini pengo huongezeka taratibu hadi milioni 160 mwezi wa tisa, sawasawa na ambavyo lingekuwa bila malipo hayo, kwa kuwa wakati huo mkopo wote umekwisha kurejeshwa. Kwa maoni yetu, hapa ndipo miradi mingi hukwama: mkopo wa benki ulipangwa kwa ajili ya miezi ya mwanzo, na pengine sehemu ya malipo ya awali ilikwishapelekwa kwenye mradi mwingine.

Zuio nalo huchelewesha faida yenyewe. Faida yote ni milioni 100, na nusu yake, milioni 50, imeshikiliwa kama zuio. Milioni 25 hurudishwa kazi inapokabidhiwa, na milioni 25 nyingine husubiri hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, kiishe, mara nyingi mwaka mmoja baadaye. Baadhi ya mikataba huruhusu nusu hii ya mwisho ibadilishwe kwa dhamana ya benki, ingawa benki nayo hutoza ada na kudai rehani.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mkandarasi apange hesabu ya mwezi kwa mwezi kwa kiwango cha makato kilichoandikwa katika mkataba wake, kisha aombe mkopo utakaokuwa wazi mwezi ambao pengo ni kubwa kuliko yote.