"Mbona wao?" si hoja potofu kila mara

Juzi nilifuatilia mabishano ya watu wawili kuhusu adhabu. Mmoja aliuliza kwa nini kosa lile lile liliachwa lipite lilipofanywa na mtu mwingine, na mwenzake akamjibu kwamba hiyo ni hoja potofu ya "mbona wao", kisha akajitoa kwenye mjadala akijiona mshindi. Hakuwa ameshinda lolote. Alikuwa amelipa jina swali ambalo hakulijibu, na kwa kuwa si mara ya kwanza kukutana na jibu la namna hiyo, nimeona afadhali niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Hoja ni potofu pale ambapo hitimisho halitokani na yaliyotangulia, hata kama yaliyotangulia ni ya kweli. Katika hoja ya "mbona wao", mtu analaumiwa kwa tendo fulani, naye badala ya kueleza kama alilitenda au kama ni baya, anataja ubaya wa anayemlaumu au wa mtu wa tatu, kana kwamba ubaya huo unafuta wake. Ina ndugu zake wanaofahamika: ile inayodai kwamba jambo ni jema kwa sababu ni la asili, ingawa sumu ya nyoka nayo ni ya asili, na ile inayodai kwamba tukiruhusu hatua moja tutateleza hadi shimoni, bila kuonyesha ni nini kitakachotusukuma kutoka hatua moja hadi nyingine. Hao nawaacha, kwa sababu huyu wa kwanza ndiye anayesingiziwa kuliko wote.

Wengi huamini kwamba jina la hoja hii, ambalo kwa Kiingereza limejengwa juu ya swali "na vipi kuhusu...?", lilibuniwa ili kuelezea tabia ya wasemaji wa Muungano wa Kisovyeti. Sivyo. Lilipata umaarufu Ayalandi mwanzoni mwa mwaka 1974, wakati wa machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini. Msomaji mmoja aliliandikia gazeti la Irish Times akilalamika kuhusu watu ambao kila mauaji ya IRA, kundi lenye silaha lililopigania kuiondoa Uingereza Ayalandi ya Kaskazini, yakilaaniwa, wao hujibu kwa kutaja uovu mkubwa zaidi wa upande wa pili, na siku chache baadaye mwandishi wa safu John Healy akaligeuza lalamiko hilo kuwa jina la tabia nzima. Kilichowachosha walalamikaji hao hakikuwa uongo. Maovu yaliyotajwa na kila upande mara nyingi yalikuwa yametendeka kweli, na hilo ndilo lililoifanya tabia hiyo iwe ngumu kuikomesha.

Wasovyeti walihusishwa na tabia hiyo kwa sababu nzuri, lakini mfano wao unafundisha zaidi ya wanavyodhani wanaoutaja. Walipolaumiwa na Wamarekani kwa ukandamizaji, walikuwa na jibu lililozoeleka hata likawa kama mzaha: kwenu watu weusi wananyongwa. Kesi ya vijana tisa weusi walioshtakiwa huko Scottsboro, Alabama, mwaka 1931, ilipigiwa kelele sana katika magazeti yao. Je, jibu hilo liliwaondolea lawama? Hata kidogo, kwani mfungwa wa kambi ya kazi ngumu hakupata nafuu yoyote kwa kuwa kulikuwa na mti wa kunyongea mahali pengine. Lakini je, shutuma yenyewe ilikuwa ya bure? Mnamo Desemba 1952, serikali ya Marekani iliwasilisha maoni yake mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi za ubaguzi shuleni, na miongoni mwa sababu zake ilieleza kwamba ubaguzi unawapa wakomunisti malighafi ya propaganda. Hukumu ya mwaka 1954 ikaharamisha shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi. Maneno yale yale, basi, yalikuwa hoja potofu yalipotumiwa kama utetezi, na yalikuwa shutuma ya haki yaliposimama peke yake.

Sisi tuna methali inayoiweka tofauti hii mahali pake: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Isome tena taratibu. Methali inamsuta nyani kwa kutojiona, lakini haisemi kwamba alichokiona kwa mwenzake hakipo. Kundu la mwenziwe liko pale pale, jekundu vilevile. Anayeitumia methali hii kumnyamazisha mkosoaji amechukua nusu yake tu.

Chukua kisa hiki, ambacho nimekitunga lakini kila aliyewahi kukaa katika kikundi cha kuweka akiba atakitambua. Mweka hazina amechukua fedha za kikundi bila idhini, akazitumia kwa shida zake, akazirudisha baada ya miezi miwili. Kwenye kikao anaulizwa, "Ulizichukua?" Naye anajibu, "Mbona aliyenitangulia alikuwa akichukua na hamkusema neno?" Hapa hoja ni potofu, kwa kuwa swali lilihusu tendo lake, na mwenendo wa mtangulizi hauwezi kubadili kilichotokea. Mwenyekiti ana haki ya kumrudisha kwenye swali. Tuseme sasa amekiri, na kikao kimehamia kwenye swali jingine: avuliwe wadhifa au aonywe? Anarudia maneno yale yale, neno kwa neno. Safari hii hakuna upotofu. Adhabu inadai usawa, na ikiwa mtangulizi alifanya hivyo hivyo kwa ufahamu wa wanachama wale wale, wanawajibika kueleza kilichobadilika. Huenda wana jibu zuri: labda kanuni iliandikwa baadaye, labda yule wa kwanza aliomba ruhusa kwa mdomo, labda waliteleza wakati ule na sasa wanataka kujirekebisha. Jibu lolote kati ya hayo linatosha kuendeleza mazungumzo. Kusema "hiyo ni hoja potofu" hakutoshi.

Kuna matumizi ya tatu ambayo huchanganywa na yote mawili. Ikiwa anayemsuta mweka hazina kwa ukali kuliko wote ni yule mtangulizi mwenyewe, kumuuliza "mbona wewe?" ni kuhoji kama anastahili kuwa msutaji, na hilo ni jambo la haki kulihoji. Lina mpaka wake tu: linaweza kumfanya anyamaze, lakini haligeuzi lolote kati ya aliyoyasema kuwa uongo, na mjumbe mwingine asiye na doa akiyarudia maneno yake, mweka hazina atalazimika kuyajibu.

Nadhani lugha yetu yenyewe inachangia mkanganyiko. "Kwa nini hukuja?" huuliza sababu tu, ilhali "mbona hukuja?" huuliza huku ikinung'unika kidogo, ikidokeza kwamba ulitarajiwa. Swali linaloanza kwa "mbona" linafika likiwa limeshakunja uso, nasi tunaujibu uso badala ya swali. Kwa hiyo mtu akikuletea "mbona wao", kabla ya kumtajia jina la kosa la kimantiki, tazama kwanza mlikuwa mkibishania nini wakati ule: kama ni tendo, mrudishe kwa upole kwenye tendo; kama ni kipimo mnachopimia matendo, amekuuliza swali halali, na zamu ya kujibu ni yako.